Foto iwe vitrai: filta ya Photoshop, vipande vya SLIC, au kuchora mwenyewe katika Inkscape?

Ukitaka kugeuza foto iwe kama dirisha la kioo cha rangi, vile vitrai vya kanisani, jambo la kuamua kwanza ni nani atachagua mistari ya risasi ipite wapi. Filta ya Photoshop huipitisha ovyo, bila kujali kilichomo ndani ya foto. Njia ya SLIC, hesabu ya kompyuta inayogawa foto kwa vipande, hufuata mabadiliko ya rangi. Katika Inkscape, programu ya kuchora, unachora mwenyewe, mstari kwa mstari. Mengine yote, yaani muda, bei, mashine na ubora, yanategemea jambo hilo. Nitazilinganisha njia hizi tatu kwa foto moja, kwa sababu ukilinganisha kwa foto tatu tofauti hujui kama kilichokupendeza ni njia au ni foto yenyewe.

Foto ni ya mama mwimbaji wa kwaya, mkaaji wa Kadutu, hapa Bukavu. Amesimama ukingoni mwa ziwa Kivu saa za jioni, nyuma yake maji, milima na mbingu. Amevaa kikwembe cha njano chenye ndege wa buluu, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Wenzake wa kwaya wanataka picha yake kwenye stika angavu, inayoonyesha kilicho nyuma yake, ya kubandika dirishani mwa sale ya parokia, sentimita 60 kwa 90, na nakala ya kutumiana kwa WhatsApp. Kwa nukta 100 kwa inchi, ukubwa huo ni pikseli 2362 kwa 3543. Zinatosha, kwa sababu hakuna atakayeitazama stika ya dirishani akiwa ameiegemea kwa pua.

Kabla ya kuhukumu njia yoyote, tukumbuke jinsi vitrai vya kweli vinavyotengenezwa. Fundi hukata vioo ambavyo rangi imo ndani ya kioo chenyewe, kisha huviunganisha kwa vipande vya risasi vyenye umbo la herufi H, kioo kimoja kikiingia upande huu na kingine upande ule. Risasi ndiyo inayoshikilia dirisha lote. Ndiyo maana mstari wa risasi hauishii hewani: huanzia kwenye mstari mwingine na kuishia kwenye mwingine au kwenye fremu. Kioo hakikatiki kirahisi kikawa na kona kali inayoingia ndani, na kipande chenye tundu katikati ni balaa kwa fundi. Uso wa mtakatifu, kwa desturi, ni kioo kimoja tu. Macho, pua na mdomo huchorwa juu yake kwa rangi nyeusi au ya kahawia inayoitwa grizai, halafu kioo hicho huchomwa katika tanuru kwa joto linalopita nyuzi 600 ili rangi ishikamane nacho. Kumbuka hili la uso, maana ndilo linaloziangusha njia mbili kati ya tatu.

Filta ya Photoshop

Iko Filter > Filter Gallery > Texture > Stained Glass. Ina vidhibiti vitatu: Cell Size ni ukubwa wa kipande, Border Thickness ni unene wa mstari, na Light Intensity ni mwanga. Mistari huchukua rangi ya mbele iliyochaguliwa kwenye upau wa vifaa, kwa hiyo weka nyeusi kabla hujaanza. Ukikuta menyu imefifia, angalia Image > Mode: foto lazima iwe RGB ya biti 8. Faili iliyotoka imprimeri ikiwa CMYK haitakubali.

Kwa kasi, haina mpinzani. Ila inagawa foto kwa vipande vyenye pembe nyingi ambavyo havijui chochote kuhusu mama yetu. Kipande kimoja hubeba nusu ya shavu na kipande cha ziwa, kisha vyote viwili huchanganywa vikawa rangi moja. Ukingo wa bega unapotea na jicho linamezwa. Ukipunguza Cell Size ili uso uonekane, unapata kitu kinachofanana zaidi na sakafu ya vigae vidogo kuliko dirisha.

Kuna kikwazo kingine ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa. Cell Size inaishia 50, na kwenye foto yenye urefu wa pikseli 3543 vipande vya 50 bado ni vidogo mno. Wengine hupunguza foto hadi pikseli 800, wanaitia filta, kisha wanaikuza tena. Vipande vinakuwa vikubwa kweli, lakini mistari inatoka na ukungu, na ukungu kwenye mstari wa risasi unaonekana kutoka mbali. Nayo Light Intensity hutia mwanga katikati ya foto nzima na kuufifisha kuelekea pembeni. Haiangazi kila kipande kivyake.

Naikubali filta hii kwa kazi moja: mandharinyuma. Mbingu iliyogawanywa ovyo haimsumbui mtu, kwa sababu hakuna anayejua mawingu yalipaswa kukatwa wapi.

Vipande vya SLIC

SLIC ni mbinu ya kugawa picha iliyobuniwa na watafiti wa EPFL, Lausanne, na makala yao kuu ilitoka mwaka 2012. Inaanza kwa kupanda vituo kwenye foto kwa nafasi sawa, kisha kila pikseli inajiunga na kituo kilicho karibu nayo kwa mahali na kwa rangi kwa pamoja. Vituo vinasogea, pikseli zinapangwa upya, mpaka mipaka itulie kwenye kingo za vitu. Inapatikana bure katika maktaba ya Python iitwayo scikit-image:

```python
from skimage import io, color, segmentation
from scipy.ndimage import binary_dilation

foto = io.imread("mama.jpg")[:, :, :3]
vipande = segmentation.slic(foto, n_segments=250,
                            compactness=10, sigma=5,
                            start_label=1)
kioo = color.label2rgb(vipande, foto, kind="avg", bg_label=0)
mpaka = segmentation.find_boundaries(vipande, mode="thick")
risasi = binary_dilation(mpaka, iterations=9)
kioo[risasi] = (20, 20, 22)
io.imsave("vitrai.png", kioo)
```

`n_segments` ni idadi ya vipande unayoiomba. `compactness` ndiyo roho ya kazi: ukiishusha, vipande vinafuata rangi kwa uaminifu lakini kingo zinakuwa na meno-meno, ukiipandisha, vinanyooka na kuelekea umbo la mraba. Anza na 10, kisha jaribu 20 na 30. `sigma` hulainisha foto kabla ya kugawa, ili vinyweleo na chembechembe za kamera visivute mipaka. Mpaka wa "thick" una pikseli 2, na mizunguko 9 inaongeza pikseli 9 kila upande, jumla 20. Kwa nukta 100 kwa inchi hizo ni milimita 5, unene wa kawaida wa risasi ya dirishani.

Asiyependa kuandika programu anaweza kusakinisha G'MIC, mkusanyiko wa filta, ndani ya GIMP, programu ya kuhariri foto, na kuandika "Stained Glass" kwenye kisanduku cha kutafuta. Nayo hufuata kingo za foto, na kidhibiti chake cha Edges kinabadilisha wingi wa vipande huku ukitazama. Kwa ulinganisho huu naiweka kundi moja na SLIC, kwa sababu uamuzi bado unafanywa na rangi za foto.

Kwa ziwa na milima, matokeo ni mazuri kweli. Mstari unapita juu ya mgongo wa mlima kama ulivyo, na maji yanagawanyika kwa vivuli vyake. Ukipiga foto ya rasi za Bukavu zikiingia majini, hutahitaji njia nyingine.

Shida inaanza kwa mama mwenyewe, na inapimika. Foto ina pikseli kama milioni 8.4. Ukigawa kwa vipande 250, kila kimoja kinapata upande wa pikseli 183 hivi, yaani sentimita 4.6 kwenye stika. Uso wake una urefu wa sentimita 14 na upana wa 10. Hapo vinaingia vipande sita au saba, na jicho lenye sentimita mbili na nusu halipati hata kimoja chake. Basi unasema, niongeze vipande hadi 1500. Kila kimoja sasa kina upande wa sentimita 1.9, na uso unapata karibu arobaini. Lakini mstari bado ni milimita 5. Piga hesabu: kwenye kipande cha sentimita 4.6, risasi inakula kama sehemu moja ya tano ya eneo. Kwenye kipande cha 1.9, inakula karibu nusu. Dirisha linakuwa giza, na ukipunguza unene wa mstari linaacha kufanana na vitrai. Hakuna namba ya katikati inayoponya jambo hili, kwa sababu SLIC inatoa vipande vya ukubwa unaokaribiana kila mahali, wakati fundi huweka vioo vikubwa mbinguni na vidogo anapotaka jicho la mtazamaji lisimame.

Kikwembe nacho kinaumia. Wastani wa rangi ni hesabu isiyo na huruma. Chukua kipande kilicho nusu njano (255, 210, 0) na nusu buluu ya ndege (20, 60, 160). Wastani wake ni takriban (137, 135, 80), rangi ya sare ya kijeshi. Kitambaa chenye furaha kuliko vyote kwenye foto kinageuka kuwa tope la kijani. Kuongeza ukolezo wa rangi baadaye hakurudishi njano, kunakoleza tope tu. Dawa ni kuondoa ndege kabla ya kugawa: pitisha Median Blur katika GIMP juu ya kikwembe peke yake hadi rangi iliyo nyingi ishinde, au kipake njano moja kwa brashi na uache vivuli vya mikunjo tu.

Kuchora katika Inkscape

Hapa unaingiza foto, unapunguza uzito wake, yaani Opacity, hadi nusu, unafunga tabaka lake, na juu yake unafungua tabaka la mistari. Kifaa ni kalamu ya Bezier, herufi B. Weka Stroke ya milimita 5 kwa mistari ya ndani na 8 kwa mstari unaozunguka mwili, na viungo uvifanye vya mviringo. Tofauti hiyo ya unene inamtenga mama na ziwa hata ukiwa mwisho wa sale.

Sipangi vipande vingi. Kwa foto hii ni kama sabini: uso kimoja, shingo kimoja, mikono miwili, kilemba vitano, kikwembe kama ishirini, maji kumi na viwili, milima minane, mbingu kumi, na vinavyobaki ni ukanda wa pembeni unaozunguka yote. Kikwembe sikikati kwa kufuata ndege. Nakikata kwa kufuata mikunjo, kwa sababu mikunjo ndiyo inayoeleza mwili umesimamaje. Ndege watatu au wanne nawaweka baadaye kama michoro ya grizai juu ya kioo, na macho yanajaza wengine.

Mstari wa bega usiuachie hapo mwili unapoishia. Uendeleze mpaka ukutane na mstari wa mlima, na mstari wa mlima uendelee hadi fremu. Mwenye jicho anatambua mara moja mstari unaoning'inia peke yake mbinguni, hata kama hajui kwa nini unamkera. Inkscape inakupa kipimo kizuri cha hili: ficha kwanza tabaka la foto, chukua kifaa cha Paint Bucket, weka Close gaps iwe None, kisha bofya ndani ya kila kipande. Rangi ikivuja hadi kipande cha jirani, mstari mahali fulani haujafika. Nenda ukaufunge.

Rudisha foto ionekane kwa uzito wake kamili, kisha rangi unazichukua kwa Dropper, herufi D. Usibofye tu. Bonyeza na uburute duara, nayo itachukua wastani wa eneo lote, ila safari hii eneo umelichagua wewe: njano bila ndege, ngozi bila kivuli cha kilemba. Kisha fungua Fill and Stroke na uongeze ukolezo. Jizuie kwenye rangi kumi na mbili hadi kumi na sita kwa dirisha zima. Fundi wa vioo ana mabamba machache ya rangi, na uchache huo ndio unaofanya dirisha lisomeke kuwa dirisha.

Nisimame kidogo kwenye ngozi, kwa sababu ndipo kazi nyingi za huku zinapoharibika. Katika foto ya jioni, wastani wa uso wa mama ulikuwa kama (88, 58, 44). Weka rangi hiyo katikati ya mistari myeusi na uso unapotea: mtazamaji anaona kilemba, kikwembe, na shimo kati yake. Wengine wanaponya kwa kumng'arisha mpaka awe rangi ya machungwa, na hapo si yeye tena. Kumbuka kwamba kioo cha kahawia chenye jua nyuma yake hakiwi cheusi. Kinakuwa rangi ya asali nzito. Kwa hiyo bakiza kahawia na upandishe mwanga na ukolezo wake, kwenye (150, 92, 52) hivi. Mama alipoonyeshwa zote mbili aliielekeza ya pili kwa kidole: "Huyu ndiye mimi, papa. Ule mwingine ni kivuli changu."

Sura ya uso unaichora kwa mistari myembamba ya milimita 1 hadi 1.5, kahawia iliyokolea, siyo nyeusi ya risasi. Nyusi, ukope wa juu, ubavu mmoja wa pua, mstari kati ya midomo. Usizungushe jicho lote. Ukope wa juu na mboni vinatosha.

Gharama ya njia hii ni muda. Picha kama hii inataka saa kadhaa za kukaa, na kuranti ikikatika unaihitaji betri na mazoea ya kubonyeza Ctrl+S.

Mwanga unaopenya

Mwanga hautegemei njia uliyotumia kugawa vipande. Nafanya hivi katika GIMP, nikiwa na rangi kwenye tabaka moja na mistari kwenye lingine. Narudufu tabaka la rangi, naliwekea Gaussian Blur ya pikseli 35, nalipa hali ya Screen na Opacity 45, na kuliacha chini ya mistari. Hapo vioo vinawaka. Kisha narudufu rangi tena, ukungu wa pikseli 8 tu, Screen, Opacity 25, na hili naliweka juu ya mistari. Tabaka hili la pili ndilo linalodanganya jicho: mwanga unamwagika kidogo juu ya risasi na kuifanya ionekane nyembamba karibu na vioo vyeupe na nene karibu na vioo vizito, kama inavyotokea mbele ya dirisha la kweli. Ukizidisha utaona mistari imekuwa ya kijivu kote. Rudisha Opacity hadi 15.

Lakini mwanga huo ni wa WhatsApp, wa kalenda, wa foto ya ukutani. Kwa stika ya dirishani uondoe wote. Jua lenyewe litaangaza, na mwanga uliochorwa unakuwa doa lililofifia katikati ya kila kioo, kwa sababu "kung'aa" kwenye stika angavu maana yake ni wino pungufu.

Basi uchague ipi?

Kama foto ni ya mandhari, chukua SLIC au G'MIC na usijitese. Kama kuna mtu ambaye ndugu zake wanapaswa kumtambua, chora mwenyewe. Filta ya Photoshop ibaki kwa tangazo la haraka au kwa mbingu nyuma ya kitu kingine. Kwa foto ya mama huyu nilichanganya: SLIC ya vipande vichache kwa maji, milima na mbingu, nikaifungua katika Inkscape kama kielelezo na kuchora juu yake mistari laini bila yale meno-meno, kisha mama mzima kwa mkono. Muda ulipungua karibu nusu, na hakuna anayeweza kuonyesha mahali njia moja ilipoishia.

Ukipeleka imprimeri, mambo mawili yanahitaji kusemwa kabla mashine haijawashwa. Wino mweusi juu ya stika angavu hauzuii jua. Mistari yako ya risasi itaonekana kahawia saa sita mchana. Omba nyeusi ipigwe mara mbili, au mistari ikatwe kwa vinyli nyeusi isiyopitisha mwanga na kubandikwa juu. Na pale penye rangi nyepesi, kama mbingu, mtu ataona miti na paa za nje kupitia picha. Stika nyeupe inayopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma inaponya hilo. Waombe wachape kipande cha uso peke yake, sentimita ishirini tu, ukibandike kwenye dirisha lilelile ukitazame asubuhi na mchana. Ngozi ikionekana imepauka, rudi Inkscape uishushe kidogo mwanga, kisha ndipo uchape nzima.